Ada ya Shilingi 30 kwa Siku: Ni 30 ya Nini, na Inakoma Lini?

Programu nyingi za mikopo ya simu hufunguka kwa tarakimu mbili tu zinazoonekana vizuri: kiasi ambacho mteja anaweza kukopa, na ada ya kila siku, aghalabu asilimia moja au shilingi kadhaa. Mchuuzi wa Kongowea au dereva wa tuktuk wa Likoni huielewa ada ya siku upesi kuliko riba ya mwaka, kwa kuwa mapato yake mwenyewe huja siku kwa siku. Na shilingi 30 kwa siku, kwa mtu anayeshika elfu moja au mbili kila jioni, hazionekani kuwa mzigo. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba tarakimu hiyo, peke yake, haimwambii mkopaji karibu lolote. Gharama ya mkopo huamuliwa na vifungu vitatu vilivyomo katika masharti: ada inahesabiwa juu ya kiasi gani, siku zinaanza na kukoma vipi, na fedha anazolipa mteja zinakata nini kwanza. Anayebonyeza kukubali kabla ya kuvipata vifungu hivyo hajui bado ameuziwa fedha kwa bei gani.

Tuchukue mfano, nilioutunga kwa namna ya masharti yanayokutikana sana sokoni. Mama mmoja anakaanga viazi karai na bhajia karibu na Mwembe Tayari, na mafuta na unga vimemwishia katikati ya wiki. Anaomba shilingi 3,000. Masharti yanasema kwamba kuna ada ya huduma ya asilimia 8 inayokatwa mwanzoni, ada ya kila siku ya asilimia 1 ya kiasi cha mkopo, muda wa siku 14, na ada ya kuchelewa ya asilimia 2 kwa siku baada ya hapo. Kwenye skrini ya kwanza ameiona ile asilimia 1 pekee, yaani shilingi 30.

Fedha zinapoingia kwenye M-Pesa ni 2,760, si 3,000, kwa sababu shilingi 240 za ada ya huduma zimeshakatwa. Hata hivyo ada ya siku inahesabiwa juu ya 3,000, kwa maana hiyo analipia kila siku fedha ambazo hazikufika mkononi mwake. Kwa siku 14 ada hiyo ni mara 14 ya shilingi 30, yaani 420, na siku ya mwisho atatakiwa alipe 3,420. Amepokea 2,760 na anarudisha 3,420, kwa hiyo mkopo umemgharimu shilingi 660, ambazo ni karibu asilimia 24 ya alichopokea, katika wiki mbili. Ukizigawa 660 kwa siku 14 unapata shilingi 47 kwa siku. Hiyo ndiyo ada yake halisi ya siku, na inapita kwa zaidi ya nusu ile 30 aliyoonyeshwa.

Tarakimu hiyo ya 47 ndiyo ya kupeleka kwenye hesabu ya biashara. Swali la mama huyu si kama anaweza kumudu shilingi 30 kila siku. Swali ni kama mafuta na unga wa 2,760 vitamzalishia, juu ya faida ambayo angeipata hata bila mkopo, zaidi ya shilingi 47 kila siku kwa siku zote 14, zikiwemo siku za mvua na siku anazofunga. Ikiwa bila mkopo angekaa nyumbani siku tatu akisubiri fedha za mchezo wa upatu, huenda mkopo ukawa na maana. Ikiwa angeweza kununua nusu ya mafuta kwa fedha alizonazo na kuendelea kukaanga kidogo kidogo, basi anaifanyia kazi programu. Na kama bidhaa anazozihitaji zinagharimu 3,000 kamili, itambidi aombe kama 3,261 ili zimfikie hizo 3,000, na ada ya siku itapanda pamoja na kiasi hicho.

Hapa pana jambo ambalo Waislamu wengi wa Mombasa hulijali, na wana haki ya kulijali: malipo yanayoongezeka kwa kadiri siku zinavyoongezeka yanaendelea kuongezeka hata yakiandikwa “ada ya huduma” badala ya riba. Hukumu yake nawaachia wenye elimu ya fiqhi, lakini anayetaka kuwauliza na awapelekee kifungu chenyewe kinavyosema, si jina lililowekwa juu yake.

Kifungu cha kwanza, basi, ni msingi wa hesabu. Masharti mengi huandikwa kwa Kiingereza, na maneno mawili ya kutafutwa humo ni `principal` na `outstanding balance`. La kwanza ni kiasi ulichokopa mwanzoni, nalo halibadiliki. La pili ni salio la deni lilivyo siku hiyo, nalo hupanda na kushuka. Tofauti yake haionekani kwa mtu anayelipa mara moja siku ya mwisho, lakini huonekana sana kwa anayelipa kidogo kidogo, na wengi wetu ndivyo tunavyolipa.

Turudi kwa mama wa viazi. Siku ya saba biashara imemwendea vizuri na anatuma shilingi 1,500. Hapa ndipo kinapoingia kile kifungu cha malipo yanakata nini kwanza: kwa kawaida hukata ada, kisha deni lenyewe. Ada ya siku saba ni 210, kwa hiyo katika zile 1,500 ni 1,290 tu zinazopunguza deni, na linabaki 1,710. Ikiwa ada inahesabiwa juu ya salio hilo la deni, kuanzia siku ya nane atatozwa shilingi 17 na senti 10 kwa siku, na kwa siku saba zilizobaki ada itakuwa karibu shilingi 120. Ikiwa inahesabiwa juu ya kiasi alichokopa mwanzoni, ataendelea kutozwa shilingi 30 zile zile juu ya deni la 1,710, kana kwamba hakulipa kitu, na ada yake sasa imefika asilimia 1.75 kwa siku ya anachodaiwa. Amejinyima, ametoa nusu ya mkopo wiki moja kabla ya wakati, na hakuokoa hata shilingi moja.

Jambo hili lina matokeo ya vitendo ambayo sijaona yakielezwa vya kutosha. Katika mkopo unaohesabu ada juu ya salio, kila mia inayorudi mapema inapunguza gharama, na ni vyema kuirudisha mara tu inapopatikana. Katika mkopo unaohesabu juu ya kiasi cha awali, kinachosimamisha ada ni kulimaliza deni lote, kwa hiyo malipo ya nusu hayana faida ya bei. Huyu wa pili ni afadhali aziweke fedha zake kando, pahali asipozigusa, mpaka zitimie, kisha alipe kwa mkupuo hata kama ni siku ya kumi badala ya 14. Lakini kwanza ahakikishe kwamba kulipa mapema kunakata ada za siku zilizobaki, maana zipo programu ambazo huandika ada ya muda wote siku ya kwanza, na anayelipa siku ya pili hulipa sawa na wa siku ya 14. Njia rahisi ya kulitambua hilo ni kufungua ukurasa wa deni asubuhi baada ya kukopa. Ukikuta pameandikwa 3,420 tangu siku hiyo, basi ada yako haikuwa ya siku kwa vyovyote vile.

Kuna aina nyingine ya ada ya siku isiyotumia asilimia kabisa, bali hupanga mikopo katika madaraja na kila daraja kuwa na ada yake ya shilingi. Wakenya wanaijua vizuri kwa sababu ya Fuliza, huduma iliyoanzishwa na Safaricom na benki washirika Januari 2019, ambayo ada zake za madaraja ya chini zilipunguzwa Oktoba 2022 na mikopo isiyozidi shilingi 1,000 ikapewa siku 3 bila ada ya siku. Ninachotaka kukionyesha ni tabia ya madaraja yenyewe, popote yanapotumika. Tuseme daraja la 501 hadi 1,000 hutozwa shilingi 10 kwa siku, na daraja la 1,001 hadi 1,500 hutozwa 20. Anayekopa 1,000 analipa asilimia 1 kwa siku. Anayekopa 1,050 analipa 20, ambazo ni asilimia 1.9, na ile hamsini ya ziada imemletea shilingi 10 kila siku. Katika siku tano imeshajila yote. Mtu wa namna hiyo angeazima hamsini kwa jirani na kukopa 1,000.

Lakini hata huyu wa 1,000 hana budi kusoma zaidi. Ikiwa huduma ina ada ya kuingilia, na ikiwa daraja hupangwa kwa salio la deni pamoja na ada, basi mkopo wa 1,000 wenye ada ya kuingilia ya asilimia 1 unakuwa deni la 1,010 siku hiyo hiyo, na tayari umevuka mpaka. Kwa masharti kama hayo, anayetaka kubaki katika daraja la chini akope 950 na alipe ndani ya siku chache, kabla ada za siku hazijamvusha. Kwa upande mwingine, aliyevuka mpaka kwa shilingi chache anaweza kulipa hizo chache na kushuka daraja, endapo daraja hufuata salio. Haya yote hutegemea sentensi moja chini ya jedwali la ada, nayo ndiyo wengi huipita wakitazama jedwali.

Kifungu cha pili ni hesabu ya siku. Zipo programu zinazohesabu saa 24 tangu fedha zilipotoka, na zipo zinazohesabu tarehe. Kwa hesabu ya tarehe, anayekopa saa sita kasorobo usiku ameshatumia siku ya kwanza, na saa sita inapogonga ameingia ya pili, akiwa bado hajazigusa fedha. Usiku wa kuamkia kwenda sokoni ndio wakati ambao wachuuzi wengi hukopa, kwa hiyo si jambo la nadra. Kusubiri robo saa kunaweza kuokoa ada ya siku nzima. Hali ni hiyo hiyo wakati wa kulipa. Masharti hueleza kwamba malipo huhesabiwa pale yanapoonekana katika mfumo wa mkopeshaji, na ujumbe wa M-Pesa si ushahidi kwamba yameonekana huko. Anayelipa usiku wa siku ya mwisho anaweza kukuta asubuhi kwamba amehesabiwa kuchelewa. Alipe mchana, aangalie nambari ya akaunti aliyoiandika kwenye Lipa na M-Pesa, afungue programu kuona salio limeshuka, na ule ujumbe wenye nambari ya muamala asiufute mpaka deni lisomeke sifuri.

Kuhusu pale siku zinapokoma, huku ndiko fedha nyingi zinakopotelea. Mama wetu amefika siku ya 14 na hana 3,420. Ada ya kuchelewa ni asilimia 2 kwa siku, lakini ya nini? Ikiwa ni ya 3,000 alizokopa, deni linapanda kwa shilingi 60 kwa siku, na baada ya siku 30 za kuchelewa limefika 5,220. Ikiwa ni ya salio lote, pamoja na ada zilizokwisha kurundikana, siku ya kwanza ataongezewa shilingi 68 na senti 40, siku ya pili karibu 70, na kila siku nyongeza inakuwa kubwa kuliko ya jana kwa sababu ada ya jana nayo inatozwa ada. Baada ya siku 30 hizo hizo deni litakuwa kama shilingi 6,195. Tofauti ya takriban shilingi 975 inatokana na maneno mawili matatu ya kifungu kimoja. Jambo la kutafutwa hapa ni kikomo: sentensi inayosema kwamba ada haitaendelea baada ya siku kadhaa, au haitazidi kiasi fulani. Mkopeshaji mwenye kikomo hulitaja waziwazi, kwa kuwa linamletea wateja. Pasipotajwa kikomo, mkopaji achukulie kwamba hakipo.

Kisha kuna kitufe cha kuongeza muda, ambacho hutokea karibu na siku ya mwisho na huonekana kama huruma. Kwa kawaida anayekibonyeza hutakiwa alipe ada zote zilizokusanyika, na muda unaanza upya. Mama wa viazi akilipa 420 na kuongezewa siku 14, kisha akalipa 420 nyingine na kuongezewa tena, ameshatoa shilingi 840, mbali na zile 240 za mwanzo, na bado anadaiwa 3,000 kamili na ada yake inaendelea. Malipo yale hayakugusa deni. Huenda kuongeza muda kukawa nafuu kuliko ada ya kuchelewa, na katika mfano huu ni nafuu kweli, shilingi 30 kwa siku badala ya 60 au zaidi. Lakini ni nafuu kwa mtu anayejua fedha za kumaliza deni zitatoka wapi na lini. Asiyejua anakodi fedha zile zile mara ya pili na ya tatu.

Yako wapi maandishi yenyewe? Mahali pa kwanza ni nje ya programu. Ukurasa wa programu katika Play Store hutakiwa na sera ya Google kuonyesha muda mfupi na mrefu wa kulipa, kiwango cha juu cha gharama kwa mwaka, na mfano mmoja wa jumla ya gharama ya mkopo. Sera hiyo hiyo, kama kanuni ya jumla, hairuhusu programu za mikopo ya binafsi inayotakiwa kulipwa yote ndani ya siku 60 au chini yake. Ndiyo maana utakuta ukurasa unasema mikopo ni ya siku 61, 91 au 180, na ndani ya programu ukapewa siku saba. Tofauti hiyo peke yake inatosha kumfanya mtu afunge programu, kwa sababu aliyeandika muda wa uongo nje hana sababu ya kuandika ada ya kweli ndani. Vivyo hivyo kwa gharama ya mwaka: ada ya asilimia 1 kwa siku ni asilimia 365 kwa mwaka kabla ya kuongeza ada nyingine yoyote, na mkopo wa mama wetu, ukijumlisha ada ya huduma, unapita 600. Ukurasa ukidai asilimia 20 au 30 kwa mwaka, kisha skrini ya ndani ikataja ada ya siku, hesabu hizo mbili haziwezi kuwa za mkopo mmoja.

Mahali pa pili ni mkataba, unaofunguka kwa kugusa maandishi yaliyo kando ya kisanduku cha kukubali. Tangu Machi 2022 Kenya ina kanuni za wakopeshaji wa kidijitali, zilizotungwa chini ya Sheria ya Benki Kuu kama ilivyorekebishwa Desemba 2021, na kanuni hizo humtaka mkopeshaji awe na leseni ya Benki Kuu na amweleze mteja masharti na gharama kabla ya kumpa mkopo. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu. Litafutwe humo jina la kampuni lililoandikwa ndani ya mkataba, kwani jina la programu na la kampuni mara nyingi si moja. Mkataba ukipatikana, upigwe picha ya skrini kurasa zote kabla ya kukubali, kwa sababu masharti ya programu hubadilishwa, na mteja atakayelalamika baadaye atahitaji kuonyesha aliyoyakubali yeye, si yaliyopo leo. Katika picha hizo aangalie pia kama ada zimetajwa pamoja na ushuru wa bidhaa au bila ushuru. Ada ya 240 ikitozwa ushuru wa asilimia 20 juu yake inakuwa 288, na mteja anapokea 2,712.

Naungana na wanaosema kwamba mkopaji ana wajibu wa kusoma. Lakini mtu aliyesimama kwenye foleni ya feri akiwa na simu yenye chaji kidogo, anayetakiwa asome kurasa nyingi za Kiingereza cha mawakili ili ajue kama 30 yake ni ya kiasi cha awali au ya salio, hajawekewa mazingira ya kusoma. Kumweleza mteja gharama hakujatimia kwa kuificha nyuma ya kiungo. Benki Kuu, ambayo tayari ina mamlaka ya kutoa na kufuta leseni, ingeweza kuagiza kwamba skrini ile ile yenye kitufe cha kukubali ionyeshe, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa herufi zenye ukubwa sawa na za kiasi cha mkopo, tarakimu nne za shilingi: fedha zitakazofika kwenye simu, jumla ya kulipa siku ya mwisho, jumla hiyo ikiwa mteja amelipa nusu katikati ya muda, na jumla baada ya kuchelewa siku 30. Kwa mama wa Mwembe Tayari, skrini hiyo ingesoma 2,760, kisha 3,420, kisha jumla ya malipo ya nusu ambayo ingemfichulia ada yake inafuata salio au haifuati, kisha 5,220 au 6,195. Programu inayajua majibu hayo yote kabla hajabonyeza, kwa kuwa ndiyo itakayoyahesabu.